8.4 kwenye jaribio la bipu: ni kasi gani, ni mita ngapi?

Jaribio la bipu likiisha, mwalimu wa michezo huandika namba moja tu mbele ya jina la kila mkimbiaji. Huyu 6.2, yule 8.4, mwingine 8.10. Wengi huisoma namba hiyo kama desimali, na hapo ndipo hesabu huanza kuharibika. Tarakimu ya kwanza ni ngazi. Ya pili ni idadi ya vipande vya mita 20 ambavyo mkimbiaji amevimaliza ndani ya ngazi hiyo. Kwa hiyo aliyepata 8.10 amemzidi wa 8.4 kwa vipande sita, yaani mita 120. Ukiiingiza 8.10 kwenye jedwali la kompyuta bila tahadhari, itageuka kuwa 8.1, na kijana aliyefanya vizuri atajikuta nyuma ya wenzake.

Jaribio hili lilibuniwa na Luc Léger na wenzake huko Montreal, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mistari miwili huchorwa, mita 20 kati yake, na spika hutoa milio. Kila mlio ukilia, mkimbiaji anatakiwa awe amefika mstari wa pili, ageuke, arudi. Baada ya kila dakika moja hivi, milio husogeleana na ngazi mpya huanza.

Katika jedwali linalotumika sana, ngazi ya 1 ni kilomita 8 kwa saa, ya 2 ni kilomita 9, kisha kila ngazi huongeza nusu kilomita. Kuanzia ngazi ya 2, hesabu yake ni rahisi: gawanya namba ya ngazi kwa mbili, jumlisha 8. Ngazi ya 8 basi ni kilomita 12 kwa saa. Ukitaka kujua muda wa kipande kimoja, gawanya 72 kwa kasi hiyo. Kwa kilomita 12 unapata sekunde 6 kamili.

Umbali hauna njia ya mkato kama hiyo, kwa sababu vipande huongezeka kadiri kasi inavyopanda. Ngazi saba za kwanza zina vipande 7, 8, 8, 9, 9, 10 na 10. Jumla ni 61. Aliyeishia 8.4 ameongeza vinne, vikawa 65. Zidisha kwa 20, amekimbia mita 1,300. Muda wote ni takriban dakika 7 na sekunde 46. Gawanya umbali kwa muda huo na wastani wake unatoka kama kilomita 10 kwa saa, ingawa alimalizia kwa 12. Namba zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti, na mwalimu anayepima uwezo wa pumzi hutazama ile ya mwisho.

Hata hiyo ya mwisho haifai kuhamishiwa barabarani kama ilivyo. Kilomita 12 kwa saa ni wastani wa kipande kizima, na ndani ya zile sekunde 6 mkimbiaji anapunguza mwendo, anasimama, anageuka na kuanza upya. Muda uliopotea mstarini lazima aufidie katikati, kwa hiyo pale katikati anakwenda kasi zaidi ya 12, na mapaja yake yanalipia kila mgeuko. Kijana huyohuyo akiwekwa kwenye njia iliyonyooka, kwa kawaida atafikia kasi kubwa kuliko aliyoandikiwa. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, wastani wa karibu kilomita 21 kwa saa. Kwa hesabu ya bipu hiyo ingekuwa ngazi ya 26, wakati jedwali lenyewe huishia ya 21.

Kinachoharibu matokeo mara nyingi zaidi ni uwanja. Upana wa uwanja wa mpira wa mikono ni mita 20 kamili, na mistari yake inatosha. Lakini urefu wa uwanja wa mpira wa wavu ni mita 18, na mwalimu anayetumia mistari yake ya mwisho bila kupima kwa futi kamba anawapunguzia vijana mita mbili kila kipande. Mlio wa ngazi ya 8 bado unakuja kila baada ya sekunde 6, lakini kasi halisi ni kilomita 10.8 kwa saa, chini hata ya ngazi ya 6. Ile 8.4 sasa ina mita 1,170 badala ya 1,300. Dalili yake huonekana mapema: darasa zima linapanda ngazi mbili juu ya matokeo ya muhula uliopita, wakiwemo waliokosa mazoezi.