Siku ya Pili ya Mafua

Jumapili usiku koo linaanza kuwasha. Jumatatu alfajiri pua imeziba, macho yanatoa machozi, na keshia wa duka la jumla pale Kariakoo amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Ameandika, "Shikamoo bosi, leo nimeamka vibaya," kisha amefuta. Joto la mwili ni la kawaida na miguu ina nguvu. Ni mafua tu, anajiambia. Anameza vidonge viwili na kuwahi daladala.

Keshia huyu ni wa mfano, lakini asubuhi yake wanaijua wengi. Anachojiuliza ni kama ana nguvu za kufanya kazi. Swali ambalo hajajiuliza ni hili: mafua yake yako siku ya ngapi?

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi, na vinavyoongoza huitwa rinovirusi. Vikishaingia puani au machoni, dalili hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu hivi. Mgonjwa humwaga virusi kwa wingi zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo wa dalili, wakati makamasi bado ni maji na chafya hazikatiki. Baada ya hapo virusi hupungua, ingawa kikohozi chenyewe huweza kubaki wiki mbili na zaidi. Ndiyo maana anayekohoa siku ya kumi, ambaye wenzake humkwepa, mara nyingi si hatari kama yule aliyeingia Jumatatu akipangusa pua kwa leso na kusema hana shida.

Jinsi virusi vinavyotembea ofisini ilionyeshwa mwaka 2014 na Charles Gerba, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani. Yeye na wenzake walipaka kirusi kisichomdhuru binadamu kwenye maeneo machache yanayoguswa sana, kama kitasa cha mlango. Baada ya saa mbili hadi nne, kirusi hicho kilikutwa kwenye asilimia 40 hadi 60 ya watu waliopimwa na vitu vinavyoshikwa na wengi. Kwa keshia wa Kariakoo, safari hiyo ni fupi zaidi: noti inatoka mkononi mwake, kalamu inaazimwa, kikokotoo kinasogezwa kwa mwenzake, na huyo mwenzake anajikuna jicho.

Gharama yake inaonekana kidogo tu kwenye daftari la mahudhurio. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Thomas Bramley walichapisha makadirio yaliyotokana na maelezo ya wafanyakazi wenyewe. Kila mtu alipougua mafua, alipoteza wastani wa saa 8.7 za kazi. Kati ya hizo, saa 2.8 zilipotea kwa kutokuwepo kazini. Saa 5.9 zilizobaki zilipotea akiwa kazini, amekaa mahali pake, kazi haiendi. Mwajiri aliona pengo la kiti kitupu, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kwenye kiti kilichokaliwa.

Kwa makadirio hayo, hesabu ya duka inaweza kufanywa hivi. Keshia akibaki nyumbani siku mbili za saa nane, duka linapoteza saa 16. Akienda, linapoteza zile 5.9 zake. Akimwambukiza mwenzake mmoja, zinaongezeka 8.7 na jumla inakuwa 14.6, bado chini ya 16. Akiwaambukiza wawili, jumla inafika 23.3. Kwa hiyo bosi anayemtaka kila mtu awepo hakosei kila mara. Fundi anayefanya kazi peke yake nje ya jengo huenda asimpotezee mtu mwingine hata saa moja. Lakini katika chumba kidogo chenye watu sita na foleni ya wateja, wawili ni rahisi kuwapata. Na hesabu hiyo haijagusa watoto wala bibi wanaowasubiri nyumbani.

Kuna pia makosa. Kwenye kituo cha utafiti wa mafua kilichokuwa Salisbury, Uingereza, watu waliojitolea waliwekewa virusi puani kwa makusudi. Mwanasaikolojia Andrew Smith aliwapima kazi mbalimbali na kukuta kwamba mafua ya kawaida yalipunguza hasa uwezo wa jicho na mkono kwenda pamoja. Kwa anayehesabu noti, kwa fundi cherehani, kwa dereva, hapo ndipo kazi ilipo. Dawa inaweza kuongeza tatizo: piritoni, ambayo wengi huinunua kukausha makamasi, huleta usingizi, na aliyeimeza hapaswi kushika usukani. Panadoli nayo hushusha joto, hivyo mtu anaweza kujiona hana homa kumbe imefichwa. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na anayeongeza panadoli juu yake huweza kupita kiwango cha juu cha mtu mzima, gramu 4 kwa saa 24, bila kujua.

Kama hasara iko wazi hivi, kwa nini keshia alifuta ujumbe? Jibu liko kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Nchini Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inatoa angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi. Zote mbili zinahusisha malipo na cheti cha daktari. Mafua hayahitaji daktari, yanahitaji kupumzika na maji ya kunywa. Lakini bila cheti siku haina uhakika wa kulipwa. Mgonjwa anatakiwa alipe nauli, akae kwenye benchi la zahanati katikati ya wagonjwa wengine, ili apewe karatasi inayosema apumzike. Kibarua anayelipwa kwa siku hana hata mlango huo: asipofika, halipwi.

Sheria ya Tanzania inasema mwajiri halazimiki kumlipa asiye na cheti. Haimkatazi kulipa. Mwenye duka anaweza kuamua kwamba ruhusa ya siku mbili za mwanzo za mafua inaombwa kwa simu tu, na cheti kinadaiwa kuanzia siku ya tatu.

Kuna dalili zinazomaliza mjadala. Homa, maumivu ya mwili yaliyoanza ghafla, au kubanwa kifua si mafua ya kawaida, na huku kwetu homa yoyote inataka kipimo cha malaria kabla ya kuiita mafua. Kurudi kazini nako kuna kipimo: mwaka 2024 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilishauri mtu asubiri hadi dalili zianze kupungua na homa iwe imekata kwa saa 24 bila dawa, kisha kwa siku tano zaidi achukue tahadhari kama kuvaa barakoa.

Kwa keshia wa Kariakoo, hiyo ingekuwa Jumatano au Alhamisi: barakoa usoni, kalamu yake mwenyewe mfukoni, na sabuni pembeni ya ndoo ya maji. Badala yake, Alhamisi alikuwepo kaunta peke yake. Kijana wa stoo na dada wa vipimo walikuwa wamepiga simu asubuhi hiyo, wote koo zinawawasha.