Utani wa Baba: Mzaha Mbovu Unaopendwa kwa Ubovu Wake

Utani wa baba ni mzaha mfupi, usio na matusi wala dhihaka, ambao mzazi huutoa mbele ya watoto wake akijua fika kwamba hauchekeshi kama kichekesho cha kawaida. Mara nyingi chanzo chake ni neno moja lenye maana mbili. Mtoto anasema, "Baba, jua kali leo," na baba anajibu kwa utulivu, "Najua." Hakuna kisa wala mhusika, na mwishoni hakuna jambo la kushangaza. Mtoto anaguna, anatikisa kichwa, anasema "Baba naye!", na mzaha umetimiza kazi yake. Mguno huo ndio baba aliokuwa akiutafuta, na hapo ndipo utani huu unapotofautiana na mizaha mingine yote.

Jina lake limetoka Marekani, ambako lilichapishwa katika gazeti la Gettysburg Times mwezi Juni 1987, katika makala iliyowatetea akina baba dhidi ya waliotaka waache mizaha yao. Kamusi ya Merriam-Webster ililiingiza mwaka 2019. Jambo lenyewe, hata hivyo, halina nchi moja. Wajapani huliita oyaji gyagu, yaani mzaha wa mzee, na mfano wao maarufu unacheza na jina la godoro, futon, na kitenzi chenye sauti inayokaribiana nalo, ili kusema kwamba godoro limepeperuka. Mjapani akiusikia huguna vilevile anavyoguna mtoto wa Ohio au wa Morogoro.

Kwa nini kitu kibovu kipendwe? Maelezo mazuri zaidi yametolewa na mtafiti wa Kideni, Marc Hye-Knudsen, katika makala aliyoichapisha mwaka 2021. Anaonyesha kwamba utani wa baba una tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni mchezo wa maneno wenyewe, ambao ni dhaifu. La pili linatokana na udhaifu huo: mtu anapotoa mzaha hafifu kwa uso wa kujiamini, anavunja mwiko mdogo wa mazungumzo, kwa kuwa kila asikiaye hutarajia mzaha uwe mzuri ndipo utolewe. Kuvunjwa kwa mwiko huo kunaweza kuchekesha kuliko mzaha wenyewe. Tabaka la tatu ni uchokozi: baba anajua kwamba binti yake wa miaka kumi na minne ataona haya, na anaendelea kwa sababu hiyohiyo.

Tabaka hizi zinakubaliana na nadharia iliyotolewa mwaka 2010 na watafiti wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren. Wao wanasema kicheko huzaliwa pale jambo linapokiuka utaratibu fulani na wakati huohuo likaonekana halina madhara. Likikosa ukiukaji, linachosha; likikosa usalama, linaumiza. Utani wa baba hukiuka kidogo sana, ila usalama wake ni mkubwa, maana anayechokoza ni yuleyule anayelipa ada na kufunga mlango usiku. Hye-Knudsen anaenda mbele zaidi na kusema kwamba uchokozi huu mdogo humzoeza mtoto kustahimili aibu. Mtoto huona haya, kisha hugundua kwamba hakuna kilichoharibika. Hoja hiyo ina uzito, ingawa mzazi hahitaji kuukumbuka uzito huo anapotania.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki utani una wenyewe. Kuna utani wa makabila, na kuna utani wa babu na bibi kwa wajukuu, ambapo babu humwita mjukuu wa kike mchumba wake na mjukuu humjibu kwamba amezeeka mno. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, alieleza mpangilio huu: vizazi viwili vinavyopakana hutawaliwa na heshima kwa sababu kimoja kinamlea na kumrudi kingine, ilhali vizazi vinavyorukana viko huru kutaniana. Baba, kwa desturi hiyo, alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Katika nyumba za mjini ambako babu yuko kijijini na huonekana sikukuu tu, nafasi ya utani wa kila siku hubaki wazi, na baba anaweza kuishika bila kupoteza heshima yake. Sababu ni kwamba mzaha huu hulilenga neno, haumlengi mtu. Baba hamdhalilishi mtoto, wala hajidhalilishi.

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kuchezea: kaa, paa, panda, meza, mto, shuka, chungu, ua, jua. Lakini kina kikwazo chake, na asiyekijua atashangaa kwa nini mizaha yake haishiki. Kikwazo hicho ni ngeli. Upatanisho wa kisarufi hufichua maana kabla baba hajapata nafasi ya kujifanya hakuelewa. Mtoto akisema "kaa huyu," tayari amesema ni mnyama wa baharini. Akisema "kaa hili," ni la moto. Hakuna utata, kwa hiyo hakuna utani. Baba anayejibu "Nikae wapi?" baada ya kuambiwa "Ona kaa huyu" anasikika kama mtu asiyejua lugha, na mtoto humsahihisha badala ya kuguna.

Utata hubaki salama katika mazingira mawili. La kwanza ni pale neno linaposimama peke yake bila kivumishi wala kionyeshi. Sokoni feri, mtoto akipiga kelele "Baba, kaa!", jina la mnyama na amri ya kuketi ni kitu kimoja masikioni, na jibu "Nikae wapi, hapa hakuna kiti?" linaingia vizuri. Mazingira ya pili ni pale maana zote mbili zilipo katika ngeli moja. Neno mto ni mfano bora. Mto wa kulalia na mto wa maji yote ni ya ngeli ya u-i, basi mtoto anaweza kusema sentensi nzima, "Baba, umeuona mto wangu?", na baba akajibu, "Upi, Rufiji au Pangani?" Upatanisho wote umekaa sawasawa na bado maana mbili zinaishi pamoja.

Kwa sababu hiyo mizaha ya Kiingereza haihamishiki kwa tafsiri. Mzaha wao mashuhuri kuliko yote hutokana na mtoto kusema ana njaa kwa maneno yanayofanana na ya kujitambulisha, na baba humsalimu kwa jina hilo la Njaa. Kiswahili hakijengi sentensi hiyo kwa namna hiyo. Hata hivyo mtoto akisema, "Baba, nina njaa," baba anaweza kumpa mkono na kusema, "Hujambo, Nina? Mimi naitwa Baba." Nina ni jina la mtoto wa kike, kwa hiyo mzaha unapata mguu wake wenyewe wa kusimamia. Ukitolewa kwa mtoto wa kiume unakuwa mbovu zaidi, na hilo ni faida.

Hatua za kuutoa zinaonekana vizuri katika tukio moja la usiku. Mtoto wa miaka minane yuko kitanda cha juu cha ghorofa na baridi imeanza. Anaita, "Baba, shuka!" Baba aliyesimama sakafuni anasubiri kidogo, kama pumzi moja, ili neno lisikike. Kisha anamtazama mtoto kwa uso mkavu na kuuliza, "Nishuke wapi tena, na mimi niko chini?" Hacheki. Hakonyezi. Mtoto anaguna: "Aaah, Baba! Shuka la kujifunika!" Baba anasema, "Ahaa," na papo hapo anampa shuka. Angesema tangu mwanzo "shuka langu," utani usingekuwepo, na baba mwenye busara angempa tu na kungoja siku nyingine.

Katika tukio hilo mambo mawili ndiyo yanayobeba mzaha. Uso mkavu unahitajika kwa sababu baba akicheka kwanza, anaomba kichekwe. Akibaki mtulivu, ubovu wa mzaha unabaki wote mikononi mwa mtoto. Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni kulitimiza ombi mara moja. Mtoto aliyeomba shuka lazima apate shuka. Baba akiongeza mzaha wa pili na wa tatu huku mtoto anatetemeka, ule usalama unaozungumzwa na McGraw na Warren umeondoka, na kilichobaki ni mtu mzima anayemnyima mtoto haja yake. Kuueleza mzaha nako huua. Kama mtoto hakuelewa, mazungumzo yaendelee. Baadhi ya watoto huelewa baada ya dakika kadhaa na kurudi wakiguna.

Umri huamua mengi. Mwanasaikolojia Paul McGhee, aliyechunguza hatua za ucheshi wa watoto, aliweka uwezo wa kufurahia maneno yenye maana mbili kwenye miaka sita au saba hivi. Kabla ya hapo mtoto huchekeshwa zaidi na vitu vilivyowekwa kinyume: baba kuvaa kiatu mkononi, au kumwita paka mbwa. Mtoto wa miaka minne akiulizwa kuhusu Rufiji hataguna; atasema kwa uvumilivu kwamba anataka mto wa kulalia. Kati ya miaka saba na kumi na moja ndipo utani huu hushika zaidi. Baada ya hapo huingia haya ya ujana, na mzaha uleule uliopendwa jikoni huumiza ukisemwa langoni mwa shule mbele ya wenzake. Baba anaweza kuendelea nyumbani na kunyamaza langoni.

Kuna pia wakati usiofaa kabisa. Mtoto aliyeumia, aliyefeli mtihani au anayeleta siri nzito hasemi maneno ya kuchezewa, hata kama maneno yenyewe yana maana tatu. Mwili wa mtoto, kigugumizi chake na makosa yake ya masomo pia viko nje ya utani huu, kwa kuwa hapo mzaha huacha neno na kumgeukia mtu.

Dalili za kwamba mzaha umefika ni rahisi kusoma. Mguno wenye tabasamu ni mzuri, na macho yanayozungushwa juu ni mazuri pia, mradi mtoto anabaki pale alipo. Ukimya, kuinamisha kichwa au kuondoka ni alama ya kuacha, si ya kujaribu mzaha mwingine. Dalili iliyo bora kuliko zote huja baadaye, mtoto anapoanza kuwinda maneno yeye mwenyewe. Baba yuko mezani na anaitisha chakula kwa kusema, "Meza iandaliwe," na binti yake anamuuliza nani ameze, na ameze nini. Hapo ni zamu ya baba kuguna, na aufanye mguno huo mrefu.