Nyongeza au Daraja la Juu: Hisabu ya Ofisi Moja ya City Deep

Kusini ya katikati ya jiji la Johannesburg, mahali paitwapo City Deep, ndipo ilipo bandari kavu kubwa ya makontena, na mawakala wa forodha wafanyao kazi kuizunguka hupeleka shehena kwa malori kupitia Beitbridge na Chirundu hata Kasumbalesa, mlango wa kuingilia Lubumbashi. Kila shehena huacha nyuma yake rundo la nyaraka, yaani ankara, orodha ya mizigo, tamko la forodha, picha za lakiri na barua za kudai malipo, na kwa kuwa sheria ya kodi ya Afrika Kusini humtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa muda wa miaka 5, rundo hilo halipungui ila huzidi mwaka baada ya mwaka. Zamani lilijaza makabati. Leo hujaza hifadhi ya mtandaoni iliyokodiwa kwa mwezi. Siku hifadhi hiyo inapokaribia kujaa, mwenye ofisi hupata ushauri wa aina moja kutoka kwa aliyemuuzia leseni, nao ni kupanda daraja. Makusudi ya makala haya ni kuuchunguza ushauri huo, maana mara nyingine ni wa haki, na mara nyingine humtoza mtu fedha kila mwezi bila kumwongezea hata gigabaiti moja.

Natutwae mfano wa kubuni, ila wenye hesabu za kweli. Ofisi ina watu 12, na wote wana leseni ya Microsoft 365 Business Basic, ambayo kwa bei ya orodha ya Marekani ya mwaka 2024 ilikuwa dola 6 kwa mtu kwa mwezi, kwa mwenye kufunga mkataba wa mwaka. Nitahesabu kwa dola na kwa bei za mwaka huo, kwani randi hupanda na kushuka na bei zenyewe hubadilishwa, walakini uwiano wa kitu na kitu ndio tuutakao hapa; msomaji wa Johannesburg akumbuke tu kwamba juu ya hayo iko kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15.

Ofisi hii huweka nyaraka zake za pamoja katika SharePoint. Kanuni ya hifadhi hiyo ni fupi: kampuni nzima hupewa terabaiti 1, kisha huongezewa gigabaiti 10 kwa kila leseni iliyonunuliwa. Kwa hiyo watu 12 hupata gigabaiti 1,024 na nyingine 120, jumla 1,144. Sasa zimejaa, na mwenye ofisi ashauriwa ahamie Business Standard, ambayo bei yake ilikuwa dola 12.50. Tofauti ni dola 6.50 kwa kila mtu, yaani dola 78 kwa mwezi, au dola 936 kwa mwaka. Na hifadhi itaongezeka kwa kiasi gani? Haitaongezeka hata chembe. Kanuni ya terabaiti 1 na gigabaiti 10 kwa leseni ni ile ile katika Basic, katika Standard, na katika Premium iliyo juu yao. Daraja la Standard huleta programu za kusakinishwa ndani ya kompyuta, kama vile Word na Excel, na mambo mengine yenye manufaa. Ila mtu aliyelipanda kwa ajili ya nafasi atakuta onyo lile lile jekundu limemngoja pale pale alipoliacha.

Basi swali la kwanza la kuuliza si kwamba daraja la juu lina bei gani, bali ni kipi hasa kinachozidi mtu anapolipanda. Hifadhi inayokwenda kwa kampuni haizidi kwa kupanda. Inayokwenda kwa mtu huenda ikazidi, na huenda isizidi.

Nyongeza ya hifadhi ya SharePoint huuzwa peke yake, na bei yake ilikuwa senti 20 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi. Ikiwa ofisi yetu yahitaji gigabaiti 200 zaidi, italipa dola 40 kwa mwezi, ambazo ni takriban nusu ya gharama ya kupanda daraja, na zaidi ya hayo itapata kile ilichokitaka. Wako pia wanaofikiri kwamba ni afadhali kununua leseni tupu ili kila moja ilete gigabaiti 10 zake. Hisabu hukataa: dola 6 kwa gigabaiti 10 ni senti 60 kwa gigabaiti, mara tatu ya bei ya nyongeza.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, sharti mtu ajue nafasi yake imeliwa na nini, na hapa ndipo ninapoona fedha nyingi hupotea. Msimamizi aingiapo katika ukurasa wa usimamizi wa SharePoint, akafungua `Active sites`, ataona kila tovuti ya ofisi na kiasi inachokalia. Akitaka kuingia ndani zaidi, hufungua tovuti yenyewe na kuongeza mwishoni mwa anwani yake maneno haya: `/_layouts/15/storman.aspx`. Ukurasa utakaofunguka humwonyesha folda kwa folda, na aghalabu humfunulia jambo asilolidhania, kwamba hati zenyewe ni chache, lakini matoleo yao ya zamani ni mengi mno.

SharePoint, kwa desturi yake, hutunza hadi matoleo makuu 500 ya kila faili, na katika hisabu ya nafasi kila toleo huhesabiwa kwa ukubwa wake kamili. Faili la Excel lenye megabaiti 4, ambalo ofisi nzima hulifungua kila siku ili kufuatilia malori, na ambalo hujihifadhi lenyewe kila mara mtu anapoandika, laweza kufikisha matoleo hayo 500 na kukalia karibu gigabaiti 2. Mafaili kama hayo 50 ni gigabaiti 100. Nyaraka zilizopigwa picha, kinyume chake, hazina matoleo, kwa kuwa hakuna anayezirekebisha. Na kwa hiyo ofisi iliyojaa ankara za picha haitapata nafuu kubwa kwa kufuta matoleo, ilhali ile iliyojaa majedwali huenda ikarudishiwa robo ya nafasi yake bila kulipa senti. Anayefuta na atahadhari: toleo lililofutwa kwa kazi maalumu ya kusafisha haliendi katika pipa la taka, bali hupotea moja kwa moja. Faili zima lililofutwa kwa mkono ndilo huingia katika pipa, na humo hukaa siku 93 likiendelea kuhesabiwa, jambo ambalo huwashangaza wengi waliofuta jioni na asubuhi wakakuta nafasi haikurudi.

Kuna na hila nyingine ambayo siipendekezi. Kila mtu mwenye leseni ya Basic ana terabaiti 1 yake mwenyewe katika OneDrive, na ofisi yetu kwa hivyo ina terabaiti 12 zilizo karibu tupu. Mtu atasema nyaraka za zamani zihamishiwe humo. Lakini OneDrive hufuata mtu, haifuati ofisi. Karani akiacha kazi na akaunti yake ikafutwa, yaliyomo hubaki siku 30 tu, isipokuwa msimamizi amebadilisha muda huo. Nyaraka za forodha ambazo sheria yazidai kwa miaka 5 hazifai kulazwa katika chumba cha mtu anayeweza kuondoka mwezi ujao.

Sasa tugeuze upande wa pili, tuone pale ambapo kupanda daraja ndiyo busara. Ofisi hiyo hiyo ingekuwa imechagua Google Workspace, watu 12 katika Business Starter wangekuwa na gigabaiti 30 kila mmoja, zikachanganywa kuwa hodhi moja la gigabaiti 360, na barua pepe zao nazo zikihesabiwa humo humo. Katika Business Standard kila mtu huleta terabaiti 2, nazo jumla ni terabaiti 24. Kwa bei za 2024, Starter ilikuwa dola 6 na Standard dola 12 kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka, kwa hivyo kupanda kungegharimu dola 72 kwa mwezi. Hapa daraja hubeba hifadhi mgongoni mwake, na hifadhi yenyewe huongezeka mara sitini na zaidi. Ofisi mbili zenye watu sawa, nyaraka sawa na tofauti ya bei inayokaribiana, moja hupotezewa fedha na ushauri ule ule unaoifaa nyingine.

Kwa upande wa Microsoft, kupanda hufaa pale nyongeza zinapoanza kulimbikizana. Mtu mwenye Basic ya dola 6 akitaka programu za kusakinisha, akanunua kando leseni ya Apps for business kwa dola 8.25, amefikia dola 14.25, ilhali Standard yenye vyote viwili ilikuwa dola 12.50. Kadhalika mwenye Standard akihitaji usimamizi wa simu na kompyuta za wafanyakazi kwa Intune, dola 8, na masharti makali ya kuingia akaunti kwa Entra ID P1, dola 6, atafika dola 26.50, na Premium, ambayo ina yote hayo, ilikuwa dola 22. Haja hii si anasa katika ofisi ishikayo nakala za pasipoti na akaunti za benki za wateja, kwani kifungu cha 19 cha sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa za watu, iitwayo POPIA, humdai mwenye taarifa hizo hatua za kiufundi zinazofaa. Na Microsoft haiwalazimishi watu wote 12 wawe daraja moja: wale watatu wazungukao na kompyuta za mkononi wanaweza kupewa Premium, na makarani wakabaki Basic. Jambo ambalo halihitaji leseni hata moja ni sanduku la barua la pamoja, kama lile la maswali ya wateja, ambalo hadi gigabaiti 50 ni bure. Nimeona ofisi zikililipia kana kwamba ni mtu.

Yabaki viti vya muda. Mwishoni mwa mwaka shehena huongezeka, na ofisi huajiri watu watatu kwa miezi mitatu. Leseni ya mkataba wa mwaka huweza kuongezwa wakati wowote, lakini siku 7 zikishapita haipunguzwi hadi mkataba umalizike. Leseni ya mwezi kwa mwezi huzidi bei kwa asilimia 20, yaani dola 7.20 badala ya 6. Karani wa miezi mitatu kwa bei ya mwezi hugharimu dola 21.60, ambapo kwa mkataba wa mwaka ofisi ingefungwa na dola 72. Mizani hulingana katika mwezi wa 10; aliye pungufu ya hapo na awekwe katika mkataba wa mwezi, ambao waruhusiwa kuwapo sambamba na ule wa mwaka. Kupanda daraja nako hufuata mlango huo huo wa upande mmoja: kati ya mkataba mtu huruhusiwa kwenda juu, na kushuka humpasa angoje tarehe ya kuhuisha. Kwa sababu hiyo ofisi yenye shaka hununua nyongeza ya mwezi kwanza, ikaandika tarehe ya kuhuisha katika kalenda, na wiki chache kabla yake ikafungua tena ule ukurasa wa `storman.aspx`.