C Huwekwa Lini? Kweli na Uongo wa Swali Moja la Mtihani

Tuseme rafiki amekutumia picha ya karatasi ya mtihani, kivuli cha mkono kimeangukia swali. Unasoma dy/dx = 2xy, na y(1) = 1. Juu ya y kuna doa. Ushauri unaofuata bila shaka umeshausikia.

"Doa ni uchafu tu, endelea." Si kweli hapa. Kipengele (b) kinataka uonyeshe kuwa y hukua bila kikomo x inapokaribia √2 kutoka chini. Kwa 2xy, jibu lingekuwa y = e^(x² − 1), na x ikifika √2 hiyo ni e tu, kama 2.718. Basi doa lile ni kipeo, na swali ni 2xy².

"Tenganisha kwanza, y na y, x na x." Kweli. Walimu wetu wa zamani walikuwa sahihi: dy/y² = 2x dx.

"C utaiongeza mwishoni." Uongo, na huu ndio unaonikera kuliko wote, kwa sababu jibu lake hufanana na jibu sahihi. Anayeufuata huandika −1/y = x², anageuza kuwa y = −1/x², kisha anabandika C. Akitumia sharti la mwanzo anapata C = 2, yaani y = 2 − 1/x². Weka x = 1: unapata 1, sharti limetimia! Lakini jaribu x = 1/2. Hapo y ni −2, mteremko wake 2/x³ ni 16, ilhali 2xy² ni 4. Mlinganyo umelikataa jibu.

C huzaliwa palepale unapointegreti: −1/y = x² + C. Sharti linasema −1 = 1 + C, kwa hiyo C = −2, na y = 1/(2 − x²). Ukigeuza, C inageuzwa pamoja na vingine, inabaki chini ya mstari wa sehemu. Haiwezi kuning'inia pembeni.

"Weka C pande zote mbili." Si lazima. Tofauti ya konstanti mbili ni konstanti moja.

"Sharti likikubali, jibu ni sahihi." Uongo, umeshaona. Kweli ni ule usemi wa zamani wa kulirudisha jibu kwenye swali: mteremko wa 1/(2 − x²) ni 2x/(2 − x²)², yaani 2xy² hasa. Nalo linafaa kati ya −√2 na √2 tu, kama kipengele (b) kilivyodokeza.

"Kugawa kwa y² hakupotezi kitu." Uongo. Kunapoteza y = 0, ambayo nayo inatimiza mlinganyo. Hapa haikuumizi kwa kuwa y(1) = 1. Sharti lingekuwa y(1) = 0, ungetafuta C usiipate, kwani 1 juu ya namba yoyote haiwi sifuri. Jibu lingekuwa y = 0.