Volti ya Pembeni

Amita inatuambia umeme kiasi gani unapita kwenye waya, lakini haituambii ni nini hasa kinachotembea ndani yake. Chaji chanya zikienda kulia, au chaji hasi zikienda kushoto, mshale wa amita unasimama palepale. Kwa kanuni, mkondo wa umeme huhesabiwa kuelekea upande ambao chaji chanya zingeelekea, hata kama zinazotembea ni hasi na zinakwenda kinyume chake.

Njia ya kuzitofautisha ilipatikana mwaka 1879 na Edwin Hall, mwanafunzi wa Profesa Henry Rowland katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Hall alikuwa amesoma katika kitabu cha James Clerk Maxwell kwamba nguvu ya sumaku huusukuma waya, wala si umeme uliomo ndani yake. Hakuridhika. Alibandika utando mwembamba wa dhahabu juu ya kioo, akaupitishia umeme katikati ya sumaku kubwa, kisha akapima kingo mbili za pembeni. Akakuta volti ndogo, iliyogeuka kila alipogeuza sumaku. Wakati huo elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa, J. J. Thomson aliitambua miaka 18 baadaye.

Tulaze kibamba cha madini mezani. Mkondo unatoka kushoto kwenda kulia, na uga wa sumaku unachomoza juu kutoka mezani. Chaji chanya inayokwenda kulia inasukumwa na sumaku kuelekea ukingo ulio karibu nawe. Na elektroni je? Yenyewe inakwenda kushoto, kwa hiyo ungetarajia isukumwe upande wa pili. Lakini kwa kuwa chaji yake ni hasi, nguvu inageuka tena. Mageuzi mawili yanafutana, nayo inaishia ukingo uleule ulio karibu nawe. Hapo ndipo siri inapofichuka: kila aina ya chaji hurundikana ukingo mmoja, kwa hiyo alama ya volti ya ukingo huo ndiyo alama ya chaji zinazotembea.

Mrundikano hauendelei bila kikomo. Chaji zilizokwisha kufika ukingoni huzisukuma nyuma zinazofuata, mpaka msukumo huo ulingane na nguvu ya sumaku. Volti inayobaki hutegemea mwendo wa chaji. Kwa mkondo uleule, chaji zikiwa chache lazima ziende mbio zaidi, na volti inakuwa kubwa. Ndiyo maana volti hiyo hutupatia pia msongamano wa chaji, kwa kanuni fupi:

n = IB / (qVt)

I ni mkondo, B nguvu ya uga wa sumaku, V volti ya pembeni, t unene wa kibamba, na q chaji ya elektroni moja. Upana wa kibamba haumo kabisa.

Tuchukue kibamba cha gerimani chenye unene wa milimita 1, tukipitishie miliampea 30 kwenye uga wa tesla 0.25. Ukingo wa karibu unasoma milivolti 53 chanya. Tusiharakishe kuandika jibu. Nyaya mbili za kupimia ni nadra kutazamana sawasawa. Mmoja ukitangulia mwenzake hata kwa sehemu ndogo ya milimita, voltimita inachukua pia volti inayosukuma mkondo kwa urefu wa kibamba, ambayo haihusiani na sumaku. Dawa yake ni kugeuza uga na kusoma tena. Sasa tunapata milivolti 47 hasi. Volti ya kweli ni nusu ya tofauti ya masomo hayo mawili, yaani milivolti 50. Zile 3 zilitokana na nyaya kupishana.

Kwa milivolti 50, msongamano unakuwa takriban chaji bilioni 940 katika milimita moja ya ujazo. Zinasikika nyingi, lakini ni chaji moja tu kwa kila atomi milioni 47 hivi za gerimani. Shaba ina karibu elektroni huru moja kwa kila atomi, na katika kipimo hikihiki ingetoa volti ndogo mno, ambayo voltimita ya kawaida haiioni.

Alama chanya tuliyoipata inaonyesha kwamba gerimani hii inapitisha umeme kwa matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, ambazo hutembea kama chaji chanya. Zinki nayo, ingawa ni metali, hutoa alama chanya, jambo ambalo halikuelezeka mpaka fizikia ya kwanta ilipokuja.

Ila kanuni hiyo inadhani aina moja tu ya chaji inatembea. Ukiipasha moto gerimani yetu, elektroni nyingi huachiliwa, kila moja ikiacha tundu, na kwa kuwa elektroni ni nyepesi zaidi wa mwendo, volti inapungua, inafika sifuri, kisha inageuka hasi. Pale kwenye sifuri kanuni ingedai kwamba chaji hazihesabiki, kumbe aina mbili zinafutana. Kwa hiyo wapimaji hurudia kipimo kwenye halijoto kadhaa, na huamini jibu la pale ambapo volti haibadiliki kwa joto.