Kopa Kando ya Shupaza: Karata Mbili, Sentensi Moja

Mcheza karata yeyote wa Pwani anazijua kopa, shupaza, uru na pau. Wengi hawajui kwamba majina hayo ni majina ya vitu. Tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kutuachia msamiati mzima wa mchezo, likiwemo neno karata lenyewe. Kwa lugha yao kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu na pau ni magongo. Karata tunazochezea barazani zina michoro ya Kifaransa, ndiyo maana kwenye kopa tunaona moyo na kwenye shupaza kitu kama jani jeusi. Picha ilibadilika, jina likabaki na kikombe chake na upanga wake.

Nimeanzia hapo kwa sababu taroti ni karata za ukoo huohuo, na Mswahili anapozishika kwa mara ya kwanza hashiki kitu kigeni kama anavyodhani. Pakiti ina karata 78. Kati ya hizo 56 ni za vikombe, panga, sarafu na fimbo, karata 14 kwa kila kundi. Zilizobaki 22 ni za picha kubwa, ambazo Waitalia wa karne ya 15 waliziita trionfi. Neno hilo ndilo lililopita kwa Wareno likafika kwetu likiwa turufu. Kwa zaidi ya miaka mia tatu watu wa Ulaya walizichezea tu, kama sisi tunavyocheza, kabla Wafaransa wa karne ya 18 hawajaanza kuzisoma kwa kutafuta maana.

Anayejifunza kuzisoma leo hupewa kitabu chenye maana 78, naye huzikariri. Kisha anapanga karata tatu mezani na kusema: hii ni huzuni, hii ni safari, hii ni kazi. Amesoma kamusi, hajasoma hadithi. Wala hawezi kukimbilia kwenye kukariri jozi, kwa sababu ukiweka karata moja kushoto na nyingine kulia, jozi zinazowezekana ni 6,006. Anachohitaji ni sarufi: namna ya kuzishika karata mbili zilizokaa pamoja na kutoa sentensi moja.

Bahati nzuri ni kwamba sarufi hiyo imekaa ndani ya picha, na hilo ni kazi ya mwanamke mmoja. Mwaka 1909 mchoraji Pamela Colman Smith alichora pakiti iliyochapishwa London na William Rider, akiongozwa na mwandishi Arthur Edward Waite. Kabla yake, karata ndogo katika pakiti nyingi zilionyesha vitu tu: vikombe vitano vimepangwa, panga sita zimepangwa, basi. Smith aliweka watu. Sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika, na mwaka 1899 alikuwa amechapisha kitabu cha hadithi za huko za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi, ambaye kwa ujanja ni ndugu wa Sungura wetu. Alikuwa mtambaji hadithi kabla ya kuwa mchoraji wa karata, na binafsi naamini ndiyo sababu karata zake zinakubali kuungana. Kila moja ni kipande cha hadithi kilichokatwa katikati.

Chukua Tano ya Vikombe. Mtu amesimama ndani ya joho jeusi, ameinamisha kichwa. Kushoto, mbele ya macho yake, vikombe vitatu vimeanguka na kumwaga. Kulia, nyuma yake, viwili bado vimesimama. Ng'ambo ya mto kuna ngome, na kuna daraja la kuvukia. Sasa chukua Sita ya Panga. Mwanamume anasukuma mtumbwi kwa upondo, ndani yake amekaa mtu aliyejitanda nguo pamoja na mtoto, wote wametupa mgongo. Panga sita zimesimama wima ndani ya chombo, mbele yao. Upande mmoja maji yana mikunjo, upande wa pili yametulia.

Weka ya vikombe kushoto, ya panga kulia. Swali la kwanza si maana ya karata. Ni nani anamtazama nani. Mtu wa joho anatazama kushoto. Kwa hiyo mtumbwi uko nyuma yake, upande uleule wa vikombe vilivyosimama. Sentensi inajitunga: anaomboleza vilivyomwagika, na nyuma ya mgongo wake chombo cha kumvusha kimeshafika. Badilisha mpangilio. Mtumbwi uko kushoto, mtu wa joho kulia, macho yake yakielekea kule kule chombo kilipo. Karata ni zilezile mbili, lakini sasa ni mtu aliyebaki ufukweni akiwalilia walioondoka. Kitabu cha maana kingekupa huzuni na safari mara zote mbili, wakati hadithi ya kwanza ni ya mtu anayetakiwa kugeuka, na ya pili ni ya mtu aliyeachwa.

Ukitaka kuhakikisha nguvu ya jambo hili, tafuta Farisi wa Vikombe na Farisi wa Panga. Wa kwanza farasi wake anaelekea kulia, taratibu. Wa pili anatimka kuelekea kushoto. Wa vikombe akikaa kushoto, wanakutana uso kwa uso: mwenye ombi la upole anakabiliwa na mwenye haraka. Ukiwabadilishia nafasi, kila mmoja anakwenda zake na wamepeana migongo.

Mpangilio unatupa pia mtenda na tendo. Mimi hufuata utaratibu wa Kiswahili chenyewe, ambacho hutaja mtu kwanza ndipo kikaeleza yukoje au amefanya nini. Karata ya kushoto ni nani au nini. Ya kulia ni imekuwaje. Mbili ya Vikombe, mwanamume na mwanamke wanaoinua vikombe wakielekeana, ikifuatwa na Tatu ya Panga, moyo uliochomwa panga tatu chini ya mvua, husomeka hivi: mapatano yao yamechomwa. Panga zikitangulia, habari hugeuka: moyo uliojeruhiwa umefika kwenye mapatano. Na usiache kuhesabu, maana ukitoka mbili kwenda tatu, kuna kitu cha tatu kilichoingia kati ya wawili.

Linabaki suala la kiunganishi, na hapa ndipo wengi hukosea kuhusu vikombe na panga. Kwa kuwa kikombe ni hisia na upanga ni chuma, wanaoanza hudhani karata hizi ni maadui, kwa hiyo kila jozi huifungia neno lakini. Chama cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888 na ambacho Waite na Smith wote walipitia, kilifundisha vingine. Vikombe ni maji, panga ni hewa, fimbo ni moto, sarafu ni ardhi. Maji hugombana na moto, hewa hugombana na ardhi. Maji na hewa havina ugomvi. Kwa hiyo kopa kando ya shupaza kwa kawaida huungwa kwa na, au kwa hiyo, au mpaka: hisia imepata maneno, au fikra imeifikia hisia. Neno lakini huliweka vikombe vikikutana na fimbo, na panga zikikutana na sarafu. Karata za kundi moja zikikaa pamoja, naziunga kwa neno tena.

Mshonaji mmoja jirani yangu alikuja na swali lake Jumapili moja jioni. Alikuwa na banda la ushonaji kwa ubia na rafiki yake, ubia ukavunjika, na shemeji yake alikuwa amempa nafasi ya kwenda kushona Tanga katika karakana yenye mafundi wengi. Alitaka kujua aende au abaki. Nilimwambia karata hazijui Tanga. Tutafute sentensi, kisha aamue mwenyewe. Akachanganya, akatoa tatu: Tano ya Vikombe, Sita ya Panga, na Tatu ya Sarafu, ambamo fundi amesimama juu ya benchi ndani ya kanisa akichonga jengo, na watu wawili wakimtazama wameshika ramani.

Sikumwambia maana. Nilimuuliza, "Dada, unaona nini hapo?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye joho jeusi. "Kaka, huyu amekipa mgongo chombo." Akasogeza kidole kulia. "Na hawa wanaondoka na mapanga yao. Hawajayaacha."

Mimi sikuwa nimeligusa hilo la mapanga. Jozi ya kwanza aliimaliza mwenyewe: hasara ipo mbele ya macho, na usafiri upo nyuma, lakini maneno makali ya ugomvi yatapanda chomboni pamoja naye. Ile lakini yake aliitoa kwenye picha, si kwenye maji na hewa, nami sikumsahihisha, kwa sababu picha huja kwanza. Jozi ya pili ilikuwa panga na sarafu, hewa na ardhi, na hapo lakini ilikuwa halali kwa njia zote mbili. Tuliandika: chombo kitamfikisha, lakini huko kazi yake itatazamwa na wenye ramani. Aliyezoea kukata kitambaa apendavyo atakuwa fundi mbele ya wasimamizi. Akasema hilo ndilo hasa lililokuwa likimkosesha usingizi, wala si safari.

Ningeharibu kila kitu kama ningefanya mambo mawili ambayo nimeyaona mara nyingi, na zamani nimeyafanya. La kwanza ni kuongeza karata kwa sababu sentensi haikupendeza. Ukitoa ya nne na ya tano, utapata sentensi uitakayo, kwa kuwa uliendelea kutoa mpaka ikaja. La pili ni kumwingiza mtu asiyekuwepo mezani. Mshonaji aliuliza juu yake. Ningesema yule wa joho ni rafiki yake wa ubia anayejuta, ningekuwa nimebuni. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: ikiwa kuna neno katika sentensi ambalo huwezi kulionyesha kwa kidole kwenye picha, neno hilo limetoka kwako.

Mpaka wa kazi hii nao uwe wazi. Karata zilichanganywa, zikaja kwa bahati. Sentensi inatungwa na anayetazama. Kwa wasomaji ambao dini yao inakataza kupiga ramli, hilo halibadilishi katazo lao. Asiyesoma ya kesho anaweza kuzitumia kama wanavyozitumia waandishi wengi wa riwaya, kwa kutafuta mwanzo wa hadithi.

Ukipata pakiti yenye michoro ya Smith, usianze na karata kumi. Toa mbili, weka kitabu cha maana mbali, tazama nani anamtazama nani, na uandike sentensi moja kwenye daftari pamoja na tarehe. Kisha zibadilishe nafasi, uandike ya pili. Zikilingana, rudi kwenye picha, kwa maana kuna jambo bado hujaliona.