Mchele Umechanganywa, Jibu Limepatikana: Je, Ni Sahihi?

Muuza nafaka wa Dar es Salaam ana aina mbili za mchele. Wa kwanza ni wa Kyela, ule unaonukia hata kabla haujapikwa, alioununua kwa shilingi 3,200 kwa kilo. Wa pili ni wa daraja la chini, wenye chenga nyingi, alioununua kwa shilingi 2,400. Tumezichagua bei hizi kwa ajili ya mfano tu, maana sokoni bei hubadilika kila msimu. Anataka kupata kilo 100 za mchanganyiko ambao kila kilo itakuwa imemgharimu shilingi 2,700. Achukue kilo ngapi za kila aina?

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kilo za Kyela tunaziita x, za daraja la chini zinabaki 100 − x, na gharama yote ni lazima ifike shilingi 270,000:

3200x + 2400(100 − x) = 270000

Ukiifungua mabano na kupunguza, unabaki na 800x = 30000, yaani x = 37.5. Kyela kilo 37.5, wa chini kilo 62.5. Wanafunzi wengi hufika hapa bila shida. Shida huja pale mwalimu anapowaambia wahakiki jibu, kwa sababu wengi hujumlisha 37.5 na 62.5, wakaona 100, wakafunga daftari.

Jumla hiyo imehakiki uzito peke yake. Chukua mtu aliyegeuza jibu, akaweka Kyela kilo 62.5 na wa chini kilo 37.5. Naye atapata 100. Kosa hili la kugeuza hutokea mara nyingi, hasa kwa wanaotumia njia ya msalaba, ambamo unatafuta tofauti ya kila bei na bei ya katikati, kisha unazipisha. Kutoka 3,200 hadi 2,700 ni 500. Kutoka 2,400 hadi 2,700 ni 300. Ile 300 ndiyo inayokwenda kwa Kyela na 500 kwa wa chini, uwiano wa 3 kwa 5. Ukisahau kuzipisha, unapata 5 kwa 3, na uzito utakubaliana nawe kabisa.

Kwa hiyo peleka jibu kwenye pesa. Kilo 37.5 za Kyela zimegharimu shilingi 120,000. Kilo 62.5 za wa chini zimegharimu shilingi 150,000. Jumla ni 270,000, ukigawanya kwa 100 ni 2,700. Limekaa. Jibu lililogeuzwa linatoa 200,000 na 90,000, jumla 290,000, yaani shilingi 2,900 kwa kilo, na hapo kosa linajitokeza lenyewe.

Lakini mwenye jicho la sokoni angelikamata bila hata kuzidisha. Ukichanganya nusu kwa nusu, kilo inasimama kwenye 2,800, katikati ya bei mbili. Sisi tunataka 2,700, chini ya hapo, kwa hiyo mchele wa bei rahisi lazima uzidi nusu. Jibu lolote linalosema Kyela ni mwingi zaidi limekwisha kujikataa. Mimi huona swali hili dogo, kwamba bei ninayoitaka iko upande gani wa katikati, linafaa kuulizwa kabla ya kuandika x yoyote.

Kuna njia nyingine ya kuhakiki ambayo haigusi kabisa mlinganyo tulioandika, na ndiyo maana naipenda. Kila kilo ya Kyela inayoingia kwenye mchanganyiko inashushwa thamani kwa shilingi 500. Kila kilo ya mchele wa chini inapandishwa kwa 300. Kama bei ya katikati ni ya kweli, kilichoshuka na kilichopanda lazima vilingane. Mara 37.5 kwa 500 ni 18,750. Mara 62.5 kwa 300 ni 18,750 pia. Hakuna shilingi iliyopotea wala iliyozuka.

Kwa nini tuhangaike kutafuta njia isiyopitia kwenye mlinganyo? Kwa sababu mlinganyo wenyewe unaweza kuwa ndio wenye kosa. Tuseme swali limebadilishwa kidogo: muuzaji anataka kuuza mchanganyiko kwa shilingi 2,970 kwa kilo na kupata faida ya asilimia 10 juu ya gharama. Mwanafunzi anatoa asilimia 10 ya 2,970, ambayo ni 297, anabaki na gharama ya 2,673. Anaunda mlinganyo wake, anapata Kyela kilo 34.125 na wa chini kilo 65.875. Anahakiki kwa pesa: 109,200 na 158,100, jumla 267,300. Hiyo ni 2,673 kwa kilo kamili. Kila kitu kimekubali, na jibu si sahihi.

Alichohakiki ni kwamba alifungua mabano vizuri. Angerudi kwenye maneno ya swali, angeuliza faida ni kiasi gani. Kilo 100 zinauzwa 297,000, gharama ni 267,300, faida ni 29,700. Gawanya faida hiyo kwa gharama: ni kama asilimia 11.1, si 10. Asilimia ya faida imehesabiwa juu ya gharama, kwa hiyo 2,970 ilitakiwa igawanywe kwa 1.1, ambayo inaturudisha kwenye 2,700 na kilo zetu 37.5. Basi uhakiki uanzie kwenye sentensi ya mwisho ya swali, na mlinganyo usubiri pembeni.

Dukani linabaki jambo la nusu kilo. Mizani ya mawe isiyo na jiwe la nusu haikupi 37.5, na muuzaji akichoka atapima 38 kwa 62. Je, ameharibu? Ukitoa kilo moja ya wa chini na kuweka moja ya Kyela, gharama yote inapanda shilingi 800, na ikigawanywa kwa kilo 100 ni shilingi 8 kwa kila kilo. Nusu kilo ni shilingi 4, kwa hiyo gharama inakuwa 2,704. Hiyo 8 nayo inakupa njia ya mkato: anza na 2,400, panda ngazi za 8 hadi 2,700. Unahitaji kupanda 300, nazo ni hatua 37.5.

Kinachoweza kuharibu zaidi hakimo kwenye swali la kitabuni. Mchele wa chini mara nyingi huja na vumbi, mawe na pumba, na mwenye duka mwangalifu huupepeta na kuuchagua kabla ya kuuza. Tuseme kwenye zile kilo 62.5, kilo 2 zimetupwa. Pesa iliyotumika bado ni 270,000, lakini mchele unaouzwa sasa ni kilo 98. Gharama ya kilo si 2,700 tena, ni karibu 2,755. Akiendelea kuuza kwa 2,970, faida yake inashuka hadi asilimia 7.8 hivi. Ndiyo sababu mchele wa chini hupepetwa na kupimwa kwanza, bei yake ya kilo ikahesabiwa upya kwa uzito uliobaki, kisha bei hiyo mpya ndiyo inayoingizwa kwenye mlinganyo.